Nyumba Iliyotoka Mikononi mwa Mafundi

Nyumba mpya ikipigwa deki kwa mara ya kwanza hudanganya. Sakafu ikiwa bado na majimaji, vigae vinang'aa, mwenye nyumba anaridhika, na aliyesafisha analipwa na kuondoka zake. Asubuhi yake sakafu imekauka, na juu ya vigae umerudi utandu mweupe wenye alama za mizunguko ya dekio. Anaitwa msichana wa kazi, anapiga deki tena, sakafu inang'aa tena, na jioni weupe uko palepale. Ndipo simu inapopigwa kwa yule aliyelipwa jana, na maneno yanayosemwa huwa si mazuri.

Utandu huo ni saruji. Fundi wa vigae anapojaza grauti kwenye viungo hupaka uji wake juu ya vigae vyote, kisha anafuta kwa sponji. Akifuta mapema, kwa maji safi anayobadilisha mara kwa mara, hubaki kidogo sana. Akifuta kwa maji ya ndoo ileile tangu asubuhi, anakuwa anapaka saruji nyembamba nyumba nzima, nayo inakauka na kushika. Maji na sabuni haviiyeyushi. Maji huificha tu, kwa sababu hujaza ule ukwaru mdogo wa juu na kuufanya uonekane laini mpaka yatakapokauka.

Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo linalomtofautisha mtu anayejua kazi ya usafi na mtu mwenye ndoo na nguvu. Kazi za usafi wa kulipwa katika miji yetu ziko za aina nyingi. Ofisi inataka mtu anayefika alfajiri kila siku na kukabidhiwa funguo. Duka linataka sakafu ikauke kabla mteja wa kwanza hajaingia, na vioo vya mbele visiwe na alama za vidole. Nyumba mpya ni kazi ya mara moja, nzito, yenye vumbi na kupanda ngazi, na malipo yake kwa siku huwa makubwa kuliko ya ofisi. Lakini ndiyo pia ambayo mtu anaweza kuharibu mali ya mamilioni kwa nusu saa, kwa nia njema kabisa, akiwa na chupa ya asidi mkononi. Kwa hiyo nitakaa hapo.

Tuchukue nyumba ya kawaida ya pembezoni mwa Dar es Salaam, tuseme Goba: vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, mabafu mawili, baraza ya mbele, jumla mita za mraba 120 za sakafu. Mafundi wameondoka wiki mbili zilizopita. Rangi imepakwa, dari ya jipsam imemalizika, madirisha ya alumini yamefungwa. Mwenye nyumba anapiga simu na kuuliza, "Mnasafisha kwa shilingi ngapi?"

Hapo hapatajwi bei. Anayejua kazi anaomba kwenda kuona kwanza, na anakwenda na tochi, kitambaa cheusi, chupa ndogo ya siki na simu yenye chaji. Tochi ya simu yenyewe inatosha. Unachuchumaa, unailaza karibu na sakafu kavu ili mwanga upite juu ya vigae kwa ubavu, na kila tone la rangi, kila mchirizi wa grauti na kila eneo la utandu hujitokeza. Ukisimama wima na kutazama chini huvioni. Kwa njia hiyo utajua kama saruji iko bafuni peke yake au imeenea sebule nzima, na tofauti ya hayo mawili ni siku moja zaidi ya kazi.

Siki ni ya kujua sakafu ni ya nini. Vigae vingi vya siku hizi ni vya udongo uliochomwa, na asidi nyepesi haividhuru. Lakini baraza, ngazi au meza ya jikoni inaweza kuwa ya mawe ya marumaru halisi, au sakafu ikawa ya terazo, na hayo yana chokaa ndani yake. Tone la siki likiwekwa kwenye kona isiyoonekana, nyuma ya mlango kwa mfano, na likatoa povu dogo au kuacha doa lililofifia, basi hapo asidi ya aina yoyote ni marufuku, hata ndimu. Asidi hula chokaa, na mng'ao wa jiwe ukishaliwa haurudishwi kwa sabuni wala kwa kusugua. Utarudishwa kwa mashine ya kusaga na kung'arisha, na gharama yake inaweza kuzidi malipo yote ya usafi. Majengo mengi ya zamani ya ofisi, shule na hospitali yana sakafu za terazo zilizofifia njiani na zinazong'aa bado chini ya makabati. Nyayo zina lawama yake hapo, ila mara nyingi dawa ya choo iliyomwagwa sakafuni ili "ing'ae" ina lawama zaidi.

Wakati wa kukagua ndipo pia unapouliza maji na umeme. Nyumba mpya inaweza kuwa haijaunganishiwa maji, na kazi ya siku mbili bila tanki lililojaa haifanyiki. Muulize mwenye nyumba kama vifuniko vya soketi vyote vimefungwa na swichi kubwa iko wapi. Muulize pia grauti ina umri gani. Grauti iliyojazwa juzi bado ni changa, na asidi itaichimba kwenye viungo. Mifuko mingi huelekeza kusubiri wiki moja hadi mbili. Katika nyumba yetu ya Goba wiki mbili zimepita, kwa hiyo kazi inaweza kuanza.

Kinachofuata ni mazungumzo ambayo wengi huyaona ya aibu na kuyaruka, nami naona ndiyo yanayolinda kazi yote. Niliwahi kumsikia dada mmoja anayeongoza kikundi cha wasafishaji akizungumza na mwenye nyumba kabla ndoo hazijashushwa kwenye gari:

"Shikamoo mama. Kabla hatujaanza naomba uje uone kitu."

"Marahaba mwanangu. Nini tena?"

"Kigae hiki cha mlangoni kina ufa. Na kioo cha jikoni kina mkwaruzo, huu hapa. Naomba nipige picha ukiwa umesimama hapahapa."

Mama akainama, akapitisha kidole kwenye ufa, akasema, "Kumbe! Huyu fundi hakuniambia." Picha ikapigwa, ikatumwa palepale kwenye simu ya mama. Bila picha ile, ufa ungekuwa wa wasafishaji kufikia jioni, kwa sababu wao ndio watu wa mwisho kuingia katika nyumba na lawama ya kila fundi aliyetangulia huwasubiri wao.

Sasa kazi yenyewe. Inaanza juu kwenda chini, na kutoka chumba cha ndani kabisa kuja mlangoni, kwa sababu vumbi linashuka na miguu inachafua. Dari, kona za juu, feni, juu ya milango, juu na ndani ya makabati, madirisha, kuta, soketi, na sakafu mwisho wa yote. Kikundi kinachoanza na sakafu kitaisafisha mara mbili.

Vumbi la nyumba mpya lina hatari ambayo vumbi la barabarani halifikii. Limetokana na mchanga, saruji, tofali na vigae vilivyokatwa kwa mashine, na ndani yake mna chembe za silika ndogo mno kuonekana kwa macho. Fagio likipita kavu, chembe hizo hubaki hewani kwa muda mrefu baada ya chumba kuonekana kimetulia. Anayezivuta miaka na miaka mapafu yake hupata makovu, ugonjwa uitwao silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo. Barakoa inayofaa ni ile ngumu yenye alama ya N95 au FFP2, inayobana vizuri kuzunguka pua na kidevu. Na sakafu isifagiwe kavu: inyunyiziwe maji kidogo sana kwa chupa ya kupulizia, kiasi cha kulaza vumbi bila kulifanya tope, kisha ifagiwe taratibu. Mwenye mashine ya kunyonya vumbi yenye chujio zuri aitumie. Wafanyakazi vijana huona barakoa inawapa joto na kuivua baada ya robo saa. Kiongozi wa kikundi asilione hilo kuwa dogo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nchini Tanzania inamtaka mwajiri awape watu wake vifaa vya kujikinga, na kikundi cha watu wanne nacho kina mwajiri.

Viyoyozi visiwashwe mpaka vumbi liishe. Mwenye nyumba akija mchana na kuwasha "kidogo tu tupate hewa", chujio hunyonya vumbi la saruji, na baadaye hulirudisha chumbani usiku ambao familia inahamia.

Madirisha huchukua muda kuliko watu wanavyodhani. Fremu za alumini huja zimebandikwa plastiki nyembamba ya kuzilinda, na jua likizipiga miezi kadhaa gundi yake huganda. Hapo plastiki inakatika vipande vidogo, na kila kipande kinabanduliwa kwa kucha na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Kioo chenyewe huwa na matone ya rangi na saruji. Wembe mpya ndio unaoyaondoa, kwenye kioo kilicholowana kwa maji ya sabuni, ukiulaza kwa mshazari na kuusukuma upande mmoja tu. Ukiurudisha nyuma bila kuuinua, unaburuta punje ya mchanga chini yake, na mkwaruzo wake hautoki. Wembe ukishika kutu au ukipata pengo unatupwa papo hapo. Kioo chenye karatasi ya giza hakiguswi kwa wembe hata kidogo, na kioo kilichoimarishwa, kile kinachovunjika punje punje, hujaribiwa kwenye kona kwanza, kwa kuwa baadhi hutoka kiwandani na chembe zilizoganda juu yake. Ukisikia sauti ya kukwaruza, simama.

Kwa matone ya rangi sakafuni, swali ni rangi gani. Ya maji hulainika kwa maji moto na kitambaa kilichoachwa juu yake dakika kumi, kisha inakwanguliwa kwa kikwangulio cha plastiki. Ya mafuta inahitaji tina kidogo kwenye kitambaa, madirisha yakiwa wazi na pasiwe na mtu anayevuta sigara. Tina isiguse swichi, mabomba ya plastiki wala milango iliyopakwa vanishi.

Turudi kwenye ule utandu. Katika nyumba yetu tochi imeonyesha kwamba umeenea sebuleni, jikoni na katika mabafu yote, kama mita za mraba 60. Siki imethibitisha kwamba ni vigae vya kawaida. Asidi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa kazi hii mara nyingi ni ya hidrokloriki. Iko pia ya unga, asidi ya sulfamiki, yenye moshi mdogo na ambayo ni afadhali kwa anayeanza. Maelekezo ya chupa yasomwe, kwa sababu ukali wake hutofautiana. Kipimo cha kuanzia kwa ile ya maji ni kikombe kimoja katika vikombe kumi vya maji au hata zaidi. Maji ndiyo yanayotangulia kwenye ndoo, asidi ikafuata polepole. Maji yakimwagwa juu ya asidi, joto huweza kuirusha usoni.

Kabla ya asidi, sakafu inaloweshwa kwa maji matupu. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Viungo vya grauti vina vitundu, na vikiwa vikavu vitainywa asidi na kuliwa kutoka ndani. Vikishashiba maji, asidi inabaki juu, inafanya kazi kwenye utandu. Bomba za kromu na vifuniko vya mifereji vya chuma hufunikwa kwa plastiki, maana moshi wa asidi pekee unatosha kuvitia madoa. Madirisha yote yanafunguliwa. Mtu mmoja mwenye glovu ndefu, miwani na gambuti anapaka eneo la mita mbili kwa mbili, si zaidi. Linaonekana povu dogo, ni saruji inayoyeyuka. Dakika mbili tatu, brashi ya nailoni inasugua, mwenzake anafuata na maji mengi na mpira wa kukusanyia maji, na eneo linasuuzwa mara mbili. Mwisho unapita maji yenye bekingi soda, nusu kikombe kwa ndoo ya lita kumi, kuua asidi iliyobaki, kisha maji safi tena. Eneo la kwanza likauke kabisa, litazamwe kwa tochi, ndipo waendelee na la pili. Utandu ukibaki, rudia kwa kipimo kilekile kabla hujafikiria kuongeza ukali.

Sakafu ikiwa na asidi, ndani ya nyumba hiyo pasiwepo na chupa ya Jik. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha hujaa gesi hiyo kwa muda mfupi sana. Dawa nyingi za kusafishia vyoo nazo zina asidi ndani yake, kwa hiyo hatari ni ileile kwa anayezichanganya chooni ili "zipate nguvu". Kikohozi cha ghafla, macho kuwasha na kifua kubana ni ishara ya kutoka nje mara moja. Hapana kurudi kuchukua ndoo.

Maji machafu yaliyobaki yana saruji na mchanga. Ukiyamwaga kwenye tundu la bafu, yanatulia kwenye kona ya bomba na kushika, na baada ya mwezi mmoja maji ya kuoga yanaanza kusimama. Mwenye nyumba atamlaumu fundi bomba, fundi bomba atapasua sakafu. Acha ndoo zitulie hata nusu saa, mimina maji ya juu taratibu, tope lililobaki lizikwe nje pamoja na mabaki ya ujenzi, mbali na kisima na miche.

Hesabu ya kazi hii sasa inaweza kufanywa. Tarakimu ni za mfano, kila mtu aweke za mtaani kwake. Watu wanne kwa siku mbili, kila mmoja shilingi 25,000 kwa siku, ni 200,000. Dawa, nyembe, barakoa na glovu 60,000. Usafiri wa watu, ngazi na ndoo 40,000. Hapo ni 300,000, na bado ngazi haijachakaa, simu haijapigwa, na kiongozi hajalipwa kwa siku aliyokwenda kukagua. Akiongeza robo, 75,000, anafika 375,000, yaani kama shilingi 3,125 kwa mita ya mraba. Utandu wa mita 60 unahitaji siku ya tatu: watu wanne tena, 100,000, na asidi juu yake. Aliyetaja bei kwa simu bila kuona sakafu angekuwa amekwisha kula faida yake yote na kuanza kula mishahara ya wenzake. Ndiyo maana wengi wanaotaja bei ndogo huishia kupiga deki sakafu ikiwa imelowa, kupokea pesa na kuzima simu.

Malipo ni bora yagawanywe: nusu kabla ya kuanza, ili vifaa vinunuliwe, na nusu baada ya makabidhiano. Na makabidhiano yafanyike sakafu ikiwa kavu, mchana, siku inayofuata ikiwezekana. Vumbi lililokuwa hewani litakuwa limeshuka usiku, kwa hiyo kikundi kinafika saa moja kabla ya mwenye nyumba, kinapitisha kitambaa chenye unyevunyevu juu ya makabati na vizingiti vya madirisha, kisha kinamkabidhi kile kitambaa cheusi na tochi akague mwenyewe. Apitishe kitambaa juu ya mlango. Alaze tochi sakafuni. Doa likionekana, linaondolewa palepale na mtu ambaye bado yupo.

Nguvu inahitajika, na wasioweza kushinda wamechuchumaa au wamepanda ngazi siku nzima watajijua mapema. Lakini kwa kazi zinazofuata wateja hutazama zaidi mambo mengine. Msumari wa dhahabu wa sikio uliookotwa nyuma ya kabati umewekwa wapi? Aliyekwaruza kioo amesema mwenyewe au ameshusha pazia? Ofisi na maduka hufunguliwa kwa watu wa aina hiyo, kwa sababu huko msafishaji anabaki peke yake na funguo saa kumi na moja alfajiri, kukiwa na kompyuta, droo za pesa na makaratasi ya watu. Wanaotaka kufika huko huhitaji pia jina la biashara lililosajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi, leseni ya halmashauri na risiti ya EFD, kwa sababu mhasibu wa ofisi halipi bila karatasi. Na mara nyingi mwenye nyumba aliyekagua kwa tochi akaridhika ndiye meneja wa ofisi hiyo, au ana shemeji yake mwenye duka la nguo Kariakoo anayelalamika kwamba sakafu yake mpya ina weupe usiotoka.